Kuivuka Bandari ya Sydney kwa Masikio

Daraja la Bandari la Sydney lilifunguliwa mwaka 1932, na Jumba la Opera mwaka 1973. Tangu hapo hakuna pembe ya majengo hayo mawili ambayo haijapigwa picha. Mtazamaji wangu wa Mombasa ameshaziona zile paa nyeupe kwenye kalenda, kwenye taarifa ya habari ya mkesha wa mwaka mpya na kwenye simu yake. Nikimwonyesha tena, hata kwa kamera nzuri kuliko zote, sijampa safari. Ndiyo maana nilipoamua kutengeneza vlogu ya Sydney kwa watu wa nyumbani, nilitafuta swali kabla ya kutafuta mandhari.

Swali nililipata kwa sababu ya nilikotoka. Mimi ni mtoto wa Likoni. Nimekua nikivuka feri kwenda shule, sokoni na hospitali, na kwetu feri si matembezi. Ni barabara, isipokuwa ina maji chini yake. Sydney nayo ina feri yake mashuhuri, inayotoka Circular Quay katikati ya jiji mpaka Manly, kitongoji kilicho mkabala na bahari kuu. Vitabu vya wageni huisifu kama tembezi la kuona bandari kwa nauli ya usafiri wa umma. Nikajiuliza: feri hii ni ya nani? Inawabeba wenyeji kama ile ya kwetu, au imeshakuwa chombo cha watalii?

Swali la namna hii ndilo linaloipa vlogu ya safari uti wa mgongo. Vlogu nyingi ninazotazama ni orodha tu: tumefika, tumekula, tumeona, kesho tunaondoka. Mtazamaji huondoka dakika ya pili, kwa kuwa hakuna anachosubiri. Swali zuri lina masharti. Liweze kujibiwa pale pale, mbele ya kamera, ndani ya muda wa safari yenyewe. Mwenye kamera awe halijui jibu lake kwa dhati, kwa sababu uso hauwezi kuigiza udadisi kwa dakika tano. Na kuwe na kitu kinachozuia jibu lisipatikane kwa wepesi. Kwangu mimi kizuizi kilikuwa wazi: abiria wa feri hawavai alama za kuonyesha nani mwenyeji na nani mgeni, na mtu aliyechoka na kazi hapendi kuelekezewa kamera.

Kabla sijapanda niliigawa hadithi katika sehemu tatu, gatini, majini na Manly. Niliamua pia kwamba nitazungumza na kamera mara tatu tu, mara moja kila sehemu, na kwamba pengine pote mahali penyewe ndipo patakapozungumza. Uamuzi huo wa pili ndio uliobeba kazi yote. Picha mbovu mtazamaji huivumilia, ila sauti mbovu humfukuza. Tena sauti ina jambo ambalo picha haina: humweka mtu mahali. Nikikuonyesha sitaha ya feri bila sauti, unaitazama. Nikikusikilizisha injini, mlango wa chuma na maji yanayopiga ubavuni, umeshapanda.

Gatini Circular Quay sauti ni nyingi mno, na hapo pana mtego. Karibu kila siku kuna wapiga muziki wa barabarani, na miongoni mwao wapo wanaopuliza didjeridu, lile gogo refu lenye mvumo mzito. Ni sauti inayotamanisha kufungulia video, kwa kuwa mtu yeyote akiisikia husema hii ni Australia. Lakini didjeridu asili yake ni kaskazini ya mbali ya nchi, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Wagadigal, wenyeji wa asili wa ghuba hii waliyoiita Warrane, si watu wa chombo hicho. Kumfungulia mtazamaji Sydney kwa didjeridu ni kama kumfungulia Lamu kwa ngoma za Waganda. Niliiacha. Sauti ya mazingira ni ushahidi, na mwenye kuirekodi ana wajibu wa kusema kweli sawa na mwandishi wa habari.

Nilichofungulia ni mlio wa kitufe cha kuvukia barabara. Kwenye taa za wapita njia za Sydney kuna kisahani cha chuma chenye mshale, kilichotengenezwa ili asiyeona avuke kwa kusikia na kugusa. Ukisubiri, kinagonga polepole, tok, tok, tok. Taa ikigeuka kijani kinaruka ghafla na kumiminika kwa kasi. Mmarekani Billie Eilish alikirekodi kwa simu alipokuwa Australia, kikaingia katika wimbo wake wa mwaka 2019, Bad Guy, na dunia nzima ikakisikia bila kujua kinatoka wapi. Kwangu kilifaa kwa sababu nyingine. Kinasubirisha, halafu kinaachia. Niliweka mlio huo wa polepole juu ya skrini nyeusi, kisha juu ya miguu ya watu wanaongoja, na ulipomiminika nikakata moja kwa moja kwenye lango la gati. Nafsi ya mtazamaji ikawa imevuka barabara pamoja nami, nami sijasema neno.

Neno la kwanza nililisema pale langoni. Watu wengi wakiambiwa wazungumze na kamera huanza kuhutubia: sauti hupanda, mikono huruka, na salamu huwa ya kuwasalimu wote walioko kila pembe ya dunia. Mimi nilimchagua mtu mmoja, shangazi yangu anayeuza mahamri kando ya stendi ya matatu kule Likoni, nikamwambia yeye. Hilo hubadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja. Shangazi hahitaji kuelezwa feri ni nini, anahitaji kuelezwa hii ina tofauti gani. Shangazi ana wateja, kwa hiyo nisimcheleweshe. Basi maneno yalikuwa haya: hii ndiyo feri yao, sisi yetu mwenda kwa miguu havuki kwa pesa, hapa kila mtu analipa kwa kugusisha kadi, nataka kujua ni wenyeji wangapi wanaopanda, na ni wangapi wamekuja kupiga picha kama mimi. Basi. Ni sekunde kumi na tano hivi, na swali limeshawekwa mezani.

Lenzi niliiweka usawa wa macho. Simu ikishikwa chini humfanya msemaji aonekane anamtazama mtu kwa juu, ikishikwa juu humfanya awe mtoto. Macho yaende kwenye lenzi yenyewe, si kwenye sura yako inayoonekana kando kwenye skrini. Kosa hilo dogo huonekana haraka sana, kwa maana mtazamaji huhisi unazungumza na mtu aliyesimama nyuma yake. Na jua hapa lina desturi yake. Mombasa tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua la mchana kuna miezi linapita kaskazini na miezi linapita kusini. Sydney iko mbali kusini, hivyo jua la adhuhuri liko kaskazini mwaka mzima. Ukisimama gatini ukaelekeza kamera majini, umeielekeza kaskazini, yaani kwenye mwanga, na uso wa anayezungumza mbele yake utakuwa kivuli. Nilisubiri alasiri, jua lilipoelemea magharibi, nikasimama ubavu kwa ubavu nalo.

Maiki niliyovaa ni ndogo ya kubana kwenye ukosi, umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni. Ilinifurahisha kwamba ilikuwa ya RØDE, kwa kuwa kampuni hiyo makao yake ni Silverwater, upande wa magharibi wa Sydney hii hii. Baadhi ya maiki zinazoning'inia kwenye kola za wanavlogu wa Nairobi na Dar es Salaam zimebuniwa mwendo mfupi tu kutoka bandari hii. Lakini umbali ule wa shubiri una uzito kuliko jina la kampuni. Maiki ya bei nafuu iliyo karibu na mdomo huishinda ya bei ghali iliyo juu ya kamera hatua tatu mbele, kwa sababu iliyo mbali huokota mahali pote pamoja na sauti yako, na kisha huwezi kuvitenganisha.

Feri zilizozoeleka zaidi katika njia ya Manly ni zile za jamii ya Freshwater, zilizojengwa miaka ya 1980. Zina urefu wa mita 70 na uwezo wa kubeba abiria 1,100. Zina ncha mbili zinazofanana, hivyo hazigeuki. Kilichokuwa omo wakati wa kwenda huwa tezi wakati wa kurudi. Mwenye kamera lazima alikumbuke hilo, kwani ukichanganya picha za kwenda na za kurudi bila uangalifu, chombo kitaonekana kinakwenda kinyumenyume. Ukitoka gatini, Jumba la Opera hupita kuliani, kisha ngome ndogo ya Fort Denison katikati ya maji, kuliani pia. Kushotoni hupita rasi ya Bradleys Head na mnara wake wa taa. Baada ya hapo bandari hufunguka, na kati ya North Head na South Head unaona bahari kuu ya Pasifiki bila kizuizi. Droni sikuwa nayo. Anga ya bandari hii imezuiwa kwa droni zisizo na kibali, na kwa hadithi yangu haikuhitajika. Nilitaka kuwa ndani ya chombo, si juu yake.

Upepo ndio adui wa kweli wa kazi hii. Maiki ni ngozi nyembamba inayotikiswa na mawimbi ya sauti, na upepo ukiigonga huitikisa kwa nguvu kubwa kuliko sauti yoyote ya binadamu. Kinachosikika ni mdundo mzito, buf, buf, kama mtu anayepiga shuka. Ukivuka kiwango, mdundo huo hukata kilele cha sauti, na hakuna programu inayoweza kukirudisha kikamilifu kilichokatwa. Sponji nyembamba inayokuja na maiki haitoshi majini. Kinachotakiwa ni kile kifuniko cha manyoya, kinachotengeneza nafasi ya hewa tulivu kuzunguka maiki. Zaidi ya hapo ni ubaharia tu. Feri inapokwenda, upepo wa mwendo wake hutoka omoni, kwa hiyo wa kuzungumza asimame tezi, nyuma ya ukuta wa kabini, upande wa demani. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa joshi na demani, ila nimeona wengi wakizisahau papo hapo wanaposhika kamera, kwa kuwa omoni ndiko kwenye picha nzuri.

Na mtu asiamini macho katika hili. Kipimo cha sauti kwenye skrini huonyesha kiasi, hakionyeshi ni sauti ya nini. Vaa hedifoni. Ukisikia mdundo huo, hama kabla hujaanza kusema.

Kila nilipofika, kabla ya neno lolote, nilirekodi dakika moja ya mahali bila kusema na bila kusogea: gati, sitaha ya juu, ukumbi wa ndani, tezi. Maiki niliishika mkononi, kwa sababu ukiiweka juu ya chuma cha sitaha huokota mtetemo wa injini kupitia chumani, na utapata mngurumo ambao masikio yako hayakuusikia kabisa. Dakika hizo za ukimya wangu ndizo zilizoiokoa kazi baadaye.

Jambo moja zaidi la kurekodi katika jimbo hili. Sheria ya New South Wales ya mwaka 2007 kuhusu vifaa vya kunasa inakataza kurekodi mazungumzo ya faragha ya watu bila ridhaa yao. Mvumo wa umati ni halali, lakini wawili wanaonong'ona benchi la jirani si mandhari. Maiki yangu ya mazingira niliielekeza majini na kwenye mlango wa chuma, na yeyote niliyetaka sauti yake nilimuomba.

Niliyemuomba alikuwa mama mmoja aliyeketi ukumbi wa ndani wa chini, mkoba magotini. Nilimsikia kwenye simu akimwambia mtu, "Haya mwanangu, nishapanda feri." Kiswahili chenyewe kilikuwa cha pwani. Nilingoja akate simu, nikamsogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Likoni."

"Likoni ipi, Mtongwe au Shelly Beach?"

Nilipomwambia ni upande wa Shelly alicheka sana, maana huku Manly nako kuna ufuo unaoitwa Shelly Beach, na yeye anafanya kazi ya kuwahudumia wazee karibu nao. Nikamweleza swali langu, nikamuomba nimrekodi. Akafikiri kidogo. Sauti alikubali, sura alikataa. Nikampa maiki ashike mwenyewe, nikapiga picha za mikono yake, mkoba wake na dirisha lenye chumvi.

Alichosema ndicho jibu la video nzima, nami nilikuwa sijakijua. Alisema tangu aanze kazi huku hajapanda tena sitaha ya juu. "Wageni wote wako juu, mwanangu, kwenye upepo. Sisi tuko huku chini tunalala. Feri ni moja lakini zimo mbili." Kisha akanionyesha kwa kidole mmoja mmoja: yule ni wa benki, yule mwalimu, yule kijana ni mpishi. Hakuna aliyekuwa akitazama nje.

Tulipofika kwenye mlango wa bahari, feri ikaanza kuinuka na kushuka. Hapo hakuna kisiwa wala rasi ya kuzuia mawimbi ya Pasifiki, na siku bahari ikichafuka hata safari husitishwa. Juu nilisikia wageni wakipiga kelele za furaha. Chini mama yule alishika mkoba wake kwa mkono mwingine, akaendelea kusema. Nikajua katikati ya video ni hapa. Mara yangu ya pili ya kuzungumza na kamera niliifanya dakika hiyo hiyo, kwenye ngazi inayounganisha sitaha mbili, nusu mwili juu na nusu chini, nikasema sentensi tatu tu kuhusu nilichoambiwa. Kelele za juu zinasikika nyuma yangu, na ukimya wa chini unasikika mbele.

Manly ilinipa shida ya namna nyingine. Kutoka gatini unapita mtaa wa The Corso, wa watu wa miguu, unaounganisha upande wa bandari na ufuo wa bahari kuu, na mwisho wake ni mawimbi. Kila mtu hurekodi mawimbi, na karibu kila mtu hupata sauti kama ya mvua. Sauti ya mawimbi mengi ikitoka mbali hujaza masafa yote kwa usawa, na kwenye spika ya simu hugeuka mchemko mmoja usio na umbo. Dawa yake ni kuachana na bahari yote na kutafuta wimbi moja. Nilikwenda Shelly Beach, nikainama kwenye mawe, maiki karibu na pale maji yanapovuja kurudi. Hapo wimbi lina mwanzo, kishindo, na mchirizo wa kuondoka. Klipu tatu za namna hiyo zinatosha kumfanya mtu aamini bahari nzima. Na magharibi ilipoingia, misunobari ya Norfolk iliyopangwa kando ya ufuo ikajaa kasuku wa rangi, lorikiti, wanaorudi kulala kwa makelele yanayomfanya mtu ainue sauti ili asikike. Hiyo ndiyo sauti ya jioni ya Manly. Mara yangu ya tatu ya kuzungumza niliifanya chini ya miti hiyo, na niliacha ndege wanizidi kidogo.

Uhariri niliufanya kwa DaVinci Resolve, programu ya kampuni ya Melbourne yenye toleo la bure linalotosha kabisa kwa kazi hii. Ndani yake kuna ukurasa wa sauti uitwao Fairlight, na jina hilo lina historia iliyonigusa. Mwaka 1975 vijana wawili wa Sydney, Peter Vogel na Kim Ryrie, walianzisha kampuni ya vyombo vya muziki vya kompyuta. Jina walilichukua kwenye boti ya kasi iliyokuwa ikipita kila siku mbele ya nyumba ya bibi yake Ryrie kandokando ya bandari. Boti hiyo iliitwa Fairlight, na ilikuwa ya njia ya Manly. Mwaka 1979 wakatoa chombo kilichoweza kunasa sauti yoyote ya dunia, mbwa akibweka au chupa ikivunjika, na kuipiga kwa kinanda. Wanamuziki wakubwa wakakigombania. Jina hilo baadaye likanunuliwa na wenye Resolve. Kwa hiyo nilipokuwa nikipanga sauti ya feri ya Manly, nilikuwa nikiipanga kwenye ukurasa uliorithi jina la chombo cha Manly.

Hatua ya kwanza niliifanya nikiwa nimeizima picha. Niliweka kwenye mstari maneno yangu ya mara tatu na maneno ya mama yule, nikasikiliza nikiwa nimefumba macho, nikakata mpaka hadithi ikasimama kwa sauti peke yake. Maneno ya mama yalikuwa ya dakika kadhaa, nami nikabakiza kama sekunde arubaini. Kinachoondoka kwanza ni kurudia, kisha maelezo ya kile ambacho picha itakionyesha. Pumzi nyingine niliziacha. Alipotulia kabla ya kusema "lakini zimo mbili", ule mtulio ndio uzito wa sentensi. Ukiukata kwa kutafuta mwendo wa haraka, unabaki na taarifa tu.

Hapo ndipo tatizo la injini lilipojitokeza. Sentensi yake ya mwanzo aliisema feri ikiwa na mwendo kamili, na ya mwisho feri ikipunguza kasi. Nilipoziunganisha, mvumo wa nyuma ulishuka ghafla katikati ya maneno. Mtazamaji hatajua ni nini, lakini atajua pameguswa. Mshuko huo ndio unaomfichua mhariri, kuliko picha yoyote iliyoruka. Kwenye mkondo wa sauti ya mama nilikata masafa mazito yaliyo chini ya hezi 80, ambako sauti yake haifiki lakini injini imejaa. Kisha chini yake, kwenye mkondo mwingine, nikatandaza ile dakika moja ya ukumbi wa ndani, nzima, bila kiungo. Mikato yote ya juu ikazama ndani yake. Mkondo wa mazingira wenyewe sikuukata uzito wake, kwa kuwa mngurumo ule ndio chombo chenyewe. Niliushusha tu, desibeli 15 hadi 20 chini ya maneno, na maneno yalipokwisha nikaupandisha taratibu.

Baada ya hapo ndipo nilipozileta picha, na kwa viungo nilifuata kanuni moja: sauti itangulie picha. Bado tunaiona mikono ya mama, lakini tayari tunasikia mawimbi ya Shelly Beach yakivuja kwenye mawe. Sekunde moja baadaye picha inafika. Mtazamaji hasukumwi kwenye sehemu mpya, masikio yake yameshakwenda. Mara moja nilifanya kinyume, nikaacha kelele za wageni wa sitaha ya juu ziendelee juu ya picha ya abiria waliolala chini. Pale hadithi ya feri mbili inasikika bila mtu kuieleza.

Jumba la Opera lilibaki mara moja tu, nyuma ya bega la mtalii anayejipiga picha. Nilikuwa na picha zake nzuri, za mwanga wa alasiri ukiwaka juu ya vigae, nikazitoa zote, kwa kuwa haziulizi wala hazijibu lolote kuhusu nani anapanda feri. Muziki sikuweka. Video nzima ilitoka na urefu wa chini ya dakika sita kidogo, na kabla ya kuipakia niliisikiliza kwa spika ya simu, tena mahali penye kelele, kwa maana huko ndiko shangazi atakakoitazama. Mngurumo wa injini kwenye spika ndogo hupotea karibu wote, hivyo nilirudi nikaongeza milio ya juu zaidi ya feri, mnyororo na mlango, ili chombo kisitoweke chini ya watu.

Jibu la swali ni hili: feri ya Manly ni ya wenyeji, kama yetu, na wageni wamekaribishwa juu. Ukija Sydney na kamera, usipande ya saa sita mchana. Panda ya kuanzia saa kumi na moja jioni, siku ya kazi. Nenda juu upige picha zako mpaka Bradleys Head, kisha shuka ukumbi wa chini kabla ya mlango wa bahari, rekodi dakika moja ukiwa kimya, na ukimsikia mtu anazungumza Kiswahili, mwamkie kwanza, maiki baadaye.